Mwenye Nyumba Asiyekubali Upesi

Miongoni mwa matumizi ya akili mnemba ambayo mimi, niliye mwalimu wa mapatano ya biashara, nayaona kuwa na faida iliyo bayana, ni hili la mwanafunzi kuiagiza chatboti ijifanye mtu mgumu wa kupatana naye, akajizoeza mbele yake kadiri apendavyo, na baadaye akataka aonyeshwe pale alipoteleza. Zoezi lenyewe si geni, kwa kuwa walimu wa fani hii, hasa tangu Roger Fisher na William Ury wa Harvard walipotoa kitabu chao mwaka 1981 wakisisitiza kutenganisha kile mtu anachokidai na haja iliyomfanya akidai, wamezoea kuwagawia wanafunzi wawili karatasi mbili za siri, kila mmoja na yake, wakakaa mezani na kupatana. Ethan Mollick na Lilach Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nao, katika maandishi yao ya mwaka 2023 juu ya njia saba za kuitumia akili mnemba darasani, waliitaja njia ya kuigiza kuwa mojawapo. Kilichobadilika ni kwamba mshindani sasa hupatikana saa yoyote, hachoki, wala hapana haya ya kushindwa mbele yake. Lakini wengi waliojaribu huniambia kuwa mshindani huyo amekuwa laini mno. Na wengine, ambao hawakuitambua taksiri hiyo, hali yao ni mbaya zaidi, kwani wameondoka na itikadi ya kuwa kulalamika peke yake kunatosha kushusha bei.

Nitauchukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho, nao ni wa mpangaji wa fremu ya kuuzia vitenge katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Huyu analipa kodi ya shilingi 800,000 kwa mwezi, mkataba wake unakwisha, na mwenye nyumba amemtumia habari kuwa mwaka ujao kodi itakuwa 1,200,000, tena anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 14,400,000. Mpangaji ana shilingi 6,000,000 mkononi. Ameiona fremu nyingine katika uchochoro wa nyuma, kodi yake 700,000, ila anayeihama anataka kilemba cha 3,000,000. Na mtu akijumlisha kodi ya miezi kumi na miwili na kilemba hicho atapata 11,400,000, ambayo ni sawa na 950,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, bila kuhesabu wateja watakaopotea kwa kuwa uchochoroni hapapiti watu wengi. Kwa hiyo, baada ya kupiga hesabu zake, ameazimia kuwa kikomo chake mahali alipo ni 1,000,000 kwa mwezi, na juu ya hapo atahama.

Sasa mpangaji huyu akiandika, kama wengi waandikavyo, kwamba chatboti ijifanye mwenye nyumba mkali na mkaidi wapatane kodi, mambo huenda hivi. Mwenye nyumba anaanza na 1,200,000 kwa maneno makubwa. Mpangaji anajibu kuwa biashara imekuwa ngumu. Mwenye nyumba anasema anaielewa hali yake, anamshukuru kwa kuwa mkweli, na kwa sababu amemthamini kama mpangaji mwema anashuka hadi 1,000,000. Mpangaji anasema bado ni nyingi, na yule mzee aliyetajwa kuwa mkaidi anashuka tena hadi 850,000 na kupendekeza mkono wa heri. Laki tatu na nusu zimeondoka kwa malalamiko mawili, wala hapana lolote lililotolewa ili zipatikane.

Sababu ya ulaini huu imo katika namna vyombo hivi vinavyolelewa. Baada ya kusomeshwa maandishi mengi, chatboti hupitishwa katika mafunzo mengine ambamo watu hulinganisha majibu na kusema lipi wamelipenda zaidi, na chombo hurekebishwa kielekee kule kwenye kupendwa; mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilieleza utaratibu huo kwa urefu, na mwaka 2023 watafiti wa Anthropic walionyesha kuwa watu hao wanaolinganisha, baadhi ya nyakati, huchagua jibu lenye kuwaunga mkono kuliko jibu lililo sahihi. Chombo kilicholelewa hivyo kikiambiwa na mtu kuwa hali yake ni ngumu, huona kuwa wajibu wake wa kwanza ni kumpunguzia ugumu. Katika kazi nyingine hiyo huenda ikawa murua, lakini katika zoezi hili ni sumu, kwa maana mwenye nyumba halisi hapati thawabu ya aina hiyo kwa kumridhisha mpangaji wake.

Dawa wanayoikimbilia wengi ni kuongeza sifa: mkali sana, mwenye hasira, asiyekubali kamwe. Hapo mshindani hugeuka kuwa mtu wa mchezo wa kuigiza, anayefoka kwa herufi kubwa, anayetishia kuita polisi kwa ajili ya kodi ambayo haijachelewa, na ambaye hata mpangaji akimletea jambo lenye manufaa kwake hulikataa kwa sababu ameagizwa kukataa. Mwanafunzi hafundishiki mbele ya mtu wa namna hiyo, kwa kuwa hoja nzuri na hoja mbovu zote huzaa jibu lile lile. Ugumu wa watu tunaokutana nao katika mapatano hautokani na kelele. Unatokana na kuwa wana kitu wanachokilinda, wana njia nyingine wakikosa kuafikiana nasi, na wana namna zao za kuficha yote mawili. Mshindani wa chatboti basi hapewi tabia kwanza. Hupewa haja, njia mbadala na kikomo, halafu akaambiwa ni jambo gani litakalomsogeza, na kwa kiasi gani.

Kwa mwenye nyumba wetu, karatasi yake ya siri naiandika hivi. Nyumba ni ya urithi, naye ameahidi kumpa dada yake haki yake ya shilingi 5,500,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo haja iliyo nyuma ya madai ya mwaka mzima, na wala si kwamba anahitaji milioni kumi na nne. Yuko mtu mwingine aliyekuja kuitazama fremu, ambaye amesema atalipa 950,000 kwa mwezi, lakini kwa miezi mitatu mitatu, maana yake 2,850,000 tu mkononi, nazo hazimtoshi dada. Kutokana na hayo vikomo vyake ni viwili: anayelipa miezi mitatu hataachiwa chini ya 950,000, na anayelipa miezi sita kabla ya mwisho wa mwezi ataweza kufika hadi 920,000, kwa kuwa miezi sita ya kiasi hicho ni 5,520,000, nayo inaitimiza ahadi. Msomaji ataona kuwa kila tarakimu ina sababu yake ndani ya karatasi. Hilo nalisisitiza kwa kuwa chatboti iliyopewa kikomo kitupu hukisahau upesi inapobembelezwa, lakini iliyopewa kikomo pamoja na sababu yake huwa na la kujibu.

Hapa pana jambo ambalo hata watumiaji hodari hawalijui, nalo linaharibu mazoezi mengi pasipo mtu kutambua. Mwanafunzi aliye peke yake, asiyetaka kuijua siri ya mshindani wake, huiambia chatboti ichague kikomo chake moyoni na isimwambie. Chatboti hujibu kuwa imechagua, na hakika haikuchagua kitu. Chombo hiki hutoa kila jibu kwa kuyasoma upya maandishi yote ya mazungumzo yaliyotangulia, na kile ambacho hakikuandikwa popote hakipo. Hakina moyo wa kuhifadhia tarakimu kutoka zamu moja hadi nyingine. Hata chatboti zile zenye kuandika fikra zao kwa siri kabla ya kujibu, mtu asizitegemee kuzichukua fikra hizo hadi zamu inayofuata. Kujaribu ni rahisi: baada ya zamu tano muulize mwenye nyumba kikomo chake kilikuwa kiasi gani, kisha bonyeza pale pa kuzalisha jibu upya, na tena, nawe utaona tarakimu zikibadilika, kila moja ikitajwa kwa yakini ileile. Maana yake ni kuwa ulipokuwa ukipatana, hapakuwa na mtu wa upande wa pili mwenye mpaka wake. Palikuwa na kivuli kilichosogea ulikokisukuma.

Kwa sababu hiyo siri lazima iandikwe, na njia iliyo bora ni kumwomba rafiki aiandike karatasi ya mwenye nyumba na kuibandika mwanzoni mwa mazungumzo, kisha akupe simu au kompyuta wewe ukaanza kwa salamu bila kupandisha macho juu. Asiyekuwa na rafiki aweza kufungua mazungumzo mengine, akaiagiza chatboti iandike karatasi hiyo, akainakili bila kuisoma na kuibandika mahali pa zoezi. Na hata ukiijua siri yote kwa kuwa uliiandika wewe, zoezi bado lina faida, maadamu nia yako ni kujizoeza ulimi na subira na si kukisia. Ila usijidanganye kuwa umejifunza kuchungua haja ya mwenzako, kwani hiyo ulikuwa nayo mfukoni.

Baada ya karatasi ya siri huja maagizo ya mwenendo, nayo ndiyo yanayouzuia ule ulaini. Haya ndiyo ninayoyatumia, na msomaji anaweza kuyanakili kama yalivyo:

```
Wewe ni mzee wa miaka 64, mwenye nyumba Kariakoo. Mimi ni mpangaji wako.
Haja yako, njia yako mbadala na vikomo vyako vimo katika karatasi hapo juu.
Usivitaje vikomo hata nikikuuliza waziwazi; jibu kwa kukwepa.
Usishuke bei kwa sababu ya malalamiko, sifa au huruma.
Shuka tu nikikupa kitu kipya chenye faida kwako: mara ya kwanza
isizidi 150,000, ya pili 50,000, kisha 20,000 au chini ya hapo.
Nikitaja kiasi ninachoweza kulipa, kifanye kuwa mwanzo wa madai yako.
Nikikuuliza kwa nini unataka fedha nyingi kwa mkupuo, toa sehemu ya sababu;
nikiuliza tena kwa upole, toa sehemu nyingine.
Sema sentensi mbili tu kila zamu. Usinishauri, usiseme kwa niaba yangu,
usieleze ishara za uso. Kaa katika nafasi yako mpaka niandike TAMATI.
```

Amri ya sentensi mbili yaweza kuonekana ndogo, lakini bila hiyo chatboti huandika aya nzima, hutoa mapendekezo matatu kwa pamoja ambayo mwanafunzi ndiye aliyepaswa kuyabuni, na wakati mwingine humwandikia hata majibu yake. Amri ya kushuka kwa hatua zinazopungua nayo ina asili katika mwenendo wa watu: mtu anayekaribia mwisho wake husogea kidogo kidogo, na mpangaji aliye macho hujifunza kuusoma mpaka wa mwenzake katika udogo wa hatua zake.

Lililobaki ni lugha. Chatboti nyingi huandika Kiswahili cha barua ya ofisini, na mzee wa Kariakoo anayeanza kwa kumshukuru mpangaji kwa kumshirikisha changamoto zake si mzee wa Kariakoo. Kuiambia itumie Kiswahili cha mtaani hakusaidii, kwani huruka upande wa pili na kumfanya mzee aseme kama kijana wa kijiweni. Kinachosaidia ni kuibandikia mistari minne au mitano ya maneno ambayo mwenye nyumba unayemjua amewahi kuyasema, pasipo jina lake wala anwani yake, na kuiambia mzee aseme kwa namna ile. Hapo salamu hukaa mahali pake, na kukataa nako kunakuja kwa njia ya kwetu, ambayo aghalabu si neno la kukana bali ni hadithi.

Tazama sasa namna zoezi linavyokwenda, kama nilivyolifanya na wanafunzi kwa karatasi hii. Mpangaji anaamkia, mzee anaitikia marahaba na kuuliza habari za biashara. Mpangaji anasema: “Tunamshukuru Mungu, mzee, ila mwaka huu mambo mazito, hiyo milioni moja na laki mbili siiwezi.” Mzee anajibu: “Mwanangu, uzito huo hata mimi ninao. Juzi kaja mtu kuitazama, nikamwambia asubiri kwanza.” Kimya cha maandishi kinamtia mpangaji wasiwasi, naye anafanya lile ambalo wengi hulifanya: “Basi nipunguzie, mzee, mimi naweza mpaka laki tisa na nusu.” Mzee halipuuzi neno hilo: “Laki tisa na nusu umekwisha kuifikia mwenyewe. Sasa tuzungumze hiyo iliyobaki.”

Katika zamu hiyo moja mpangaji amelipoteza jambo kubwa bila ya kupata chochote, kwani laki tisa na nusu ni zaidi ya kile ambacho mzee angekubali kwa miezi sita, na tangu hapo mazungumzo hayawezi kurudi chini yake. Anajaribu kuuliza yule mtu mwingine analipa miezi mingapi, mzee anamwambia hayo ni yake na mtu huyo. Halafu anauliza swali lililopaswa kuwa la kwanza: “Mzee, niwie radhi, mbona mwaka huu unataka mwaka mzima, na siku zote tunakwenda kwa miezi?” Mzee anasema nyumba ni ya urithi na ndani yake mna haki ya watu. Anaulizwa tena kwa adabu, anasema ni dada yake, naye amemwahidi kabla mwezi haujaisha. Mpangaji anatoa lake: “Je, nikikuletea miezi sita kwa mkupuo, Ijumaa hii?” Hapo mzee, kwa mara ya kwanza, anashuka, kutoka 1,200,000 hadi 1,050,000, na mara akajificha nyuma ya ndugu zake kwamba hawezi kuamua peke yake. Mpangaji anakubali kuipaka rangi fremu kwa gharama yake, mzee anafika 1,000,000. Anakubali pia kuweka mkataba wa maandishi ambao mzee atamwonyesha dada yake, naye mzee anafika 980,000, na wanakubaliana hapo. Kwa miezi sita ni 5,880,000.

Si mapatano mabaya, kwa kuwa yamo ndani ya kikomo cha mpangaji na fedha alizo nazo zinayatosha. Lakini ukiifungua karatasi ya siri unaona kuwa mzee angeweza kufika 920,000, na kwamba mpangaji ameacha mezani shilingi 60,000 kwa kila mwezi, yaani 360,000 kwa miezi sita. Mwanafunzi aliyelirudia zoezi katika mazungumzo mapya, akaanza na swali la kwa nini kabla ya kutaja tarakimu yoyote, na alipolazimika kutaja akaanza na 880,000 pamoja na miezi sita, alimaliza kwa 940,000. Tofauti ya 240,000 ilizaliwa katika zamu mbili za mwanzo, na ndiyo maana nawahimiza warudie mwanzo mara nyingi na mwisho mara chache.

Nimefika kwenye tathmini, na hapa ndipo makosa yanapokuwa ya hatari, kwa sababu mwanafunzi huiamini. Ukiandika TAMATI na palepale kumwuliza mwenye nyumba ulifanyaje, utasifiwa. Utaambiwa ulikuwa na heshima, ulijenga uhusiano, ulitafuta suluhu yenye manufaa kwa pande zote. Ile sentensi ya laki tisa na nusu itaitwa ukweli na uwazi, au itapitwa kimya. Mazungumzo yale yamejaa sauti yako, na chombo kinajua kuwa anayeuliza ndiye anayehukumiwa.

Hakimu basi awe mwingine. Fungua mazungumzo mapya yasiyo na kumbukumbu ya yale ya kwanza, ubandike maneno yote mliyosemezana, mpangaji ukimwita Upande wa Kwanza na mwenye nyumba Upande wa Pili, pamoja na karatasi zote mbili za siri, na usiseme wewe ni yupi. Usiombe alama. Nimeona mazungumzo yale yale yakipewa saba katika kumi na, jibu likizalishwa upya, yakapewa tisa, na alama ya namna hiyo haina la kumfundisha mtu. Agiza mambo matatu tu. La kwanza, kila mahali ambapo bei au sharti lilisogea: nani alisogea, kiasi gani, na alipata nini badala yake, pamoja na maneno yenyewe yaliyonukuliwa neno kwa neno. La pili, kila swali lililoulizwa kutafuta haja ya upande wa pili, na ni habari gani lilileta. La tatu, zamu moja tu ambayo kama ingesemwa vingine ingebadilisha matokeo zaidi ya zote, na sentensi mbadala ya kuwekwa mahali pake. Kisha amuru kwa maneno ya wazi kuwa pasiwe na sifa wala maneno ya kutia moyo.

Nukuu ninaitaka kwa sababu chatboti huweza kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hakulisema, na tathmini isiyo na nukuu huwezi kuithibitisha. Nukuu unaitafuta katika maandishi kwa kutumia nafasi ya kutafuta neno, na isipokuwapo unaitupa hoja yote iliyojengwa juu yake. Hesabu nazo uzifanye mwenyewe kwa karatasi na kalamu. Tena lipo jaribio ninalolipenda zaidi ya yote: rudia tathmini katika mazungumzo mengine tena ukiwa umebadilisha majina, aliyekuwa Upande wa Kwanza awe wa Pili. Ikiwa lawama zinabaki kwa mtu yule yule, yaelekea zina msingi. Ikiwa zinahama na jina, hakimu alikuwa akifuata nafasi na si mwenendo.

Kuna upande mmoja ambao hakimu huyu hupotoka hata akichungwa vizuri. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi ya mapatano aliyoyasoma ni ya Kiingereza na ya ofisi za Ulaya na Marekani, huhesabu salamu ndefu kuwa kupoteza wakati, na kuuliza kwa mzunguko kuwa udhaifu. Katika zoezi letu alimlaumu mpangaji kwa kusema “niwie radhi” kabla ya swali la mwaka mzima, ilhali mbele ya mzee wa rika lile neno hilo ndilo lililolifungua jibu, na angeuliza kikavu angeambiwa hayamhusu. Kwa hiyo karatasi ya hakimu yapasa ieleze adabu za mahali, kwa sentensi chache, na mwanafunzi awe na ujasiri wa kuikataa lawama ambayo anajua kuwa ingemharibia nyumbani kwake.

Vilevile chatboti isiulizwe kodi ya Kariakoo ni kiasi gani. Itajibu, na jibu litakuwa na sura ya ujuzi, lakini kodi za mtaa huo hutofautiana kwa nyumba, kwa ghorofa, na kwa upande wa barabara, na anayezijua ni dalali na wapangaji wa jirani. Tarakimu za karatasi zitoke kwao kabla ya zoezi kuanza, kwani mwanafunzi aliyejizoeza vizuri juu ya bei isiyokuwapo atakwenda kwa mzee akiwa na ufasaha mwingi na kipimo kibovu.

Tena maandishi hayana uzito wa muda. Mwenye nyumba halisi hunyamaza, hunywa kahawa yake, humwita mtu mwingine na kuzungumza naye nusu saa, akakuambia urudi Ijumaa. Kwa hili la mwisho chatboti inaweza kusaidia, nalo watu hawalitumii vya kutosha: mzee aagizwe, mara moja katika mapatano, aseme urudi baada ya siku mbili, na wewe ufunge mazungumzo kweli, urudi baada ya siku mbili. Katika siku hizo utaona jinsi hofu inavyokufanya utake kutuma ujumbe wa kukubali, na hofu hiyo ni ile ile itakayokuja mkataba wako halisi utakapokwisha. Programu nyingi za simu sasa zina sauti pia, na kusema kwa sauti hufichua kigugumizi ambacho vidole hukificha, ijapokuwa kwa Kiswahili programu hizo bado mara nyingine humkatiza mtu kabla hajamaliza.

Zoezi ninaloliweka la mwisho kwa kila mwanafunzi ni kubadilishana viti. Chatboti inapewa karatasi ya mpangaji, pamoja na ile fremu ya uchochoroni na 6,000,000 zake, nayo inaagizwa isimwonee mzee huruma. Mwanafunzi anakuwa mwenye nyumba, ana dada anayemngoja na mwezi unaokwisha. Wengi wao, waliokuwa wakimwona mzee kama ukuta, wanashangaa kuona jinsi wanavyotamani mpangaji awaulize kwa nini, ili wapate njia ya kushuka bila kufedheheka, na jinsi wanavyoudhika anapoendelea kuzungumzia ugumu wa biashara yake zamu baada ya zamu huku ile milioni tano na nusu ikiwa bado haijatajwa na yeyote kati yao.